Donge la Mkono: Limeshuka au Limepanda?

Tuchukue mfano wa kuli wa Ngerengere, mtu wa miaka hamsini na ushee, anayepandisha gunia la mahindi la kilo 100 kwenye lori akisaidiana na mwenzake. Mwenzake anateleza, uzito wote unamwangukia yeye, kitu kinalia "pu!" mkononi, na nyama ya mbele ya mkono wa juu inajikunja kuwa donge. Wengi watamkimbiza kwa mkandaji. Wengine watasema bila upasuaji mkono umekwisha. Kukanda hakurudishi kano kwenye mfupa. Lakini na hao wa pili wana haraka, kwa kuwa kinachoamua ni upande ambao donge limekimbilia.

Musuli huu umeshikwa na kano mbili begani na moja chini ya kiwiko. Katika visa zaidi ya tisa kati ya kumi, inayokatika ni kano ndefu ya begani, ambayo mara nyingi imeshachakaa kwa umri na kazi. Nyama hushuka kuelekea kiwiko, na michubuko ya damu huonekana mkono wa juu. Kano fupi ya begani bado imeshika, kwa hiyo nguvu inayopotea ni ndogo: kukunja kiwiko hubaki karibu kama zamani, na kugeuza kiganja kitazame juu hupungua kwa takriban moja ya tano. Aliyekatika kano hiyo kwa kawaida hupumzisha mkono, maumivu yakatulia, akaanza mazoezi. Umbo halirudi, kazi hurudi. Akishindwa kunyanyua mkono juu ya bega, kano nyingine za bega zichunguzwe, maana nazo huchanika pamoja na hiyo.

Mtu atauliza: anayeishi kwa mikono yake si ndiye hasa wa kushonwa? Hoja ina uzito, ila kwa kano ya juu upasuaji humweka nje ya kazi nzito kwa miezi ili arudishiwe nguvu kidogo. Uzito wa hoja hiyo uko kwenye kano ya chini. Ikikatika hiyo, donge hupanda kuelekea bega na damu huvilia mbele ya kiwiko. Kipimo ni rahisi: kiwiko kikunjwe nusu, kiganja kitazame juu, mpimaji apitishe kidole kutoka upande wa nje wa kiwiko akiingize nyuma ya kano kama ndoano. Kidole kisiponasa kitu, kano imekatika yote. Bila kuishona, nguvu ya kugeuza kiganja hupungua kwa karibu asilimia 40, pigo kubwa kwa anayekaza bisibisi au spana kutwa. Mzee asiye na kazi hizo anaweza kuishi nayo. Kuli afike kwa daktari wa mifupa, Morogoro au Taasisi ya Mifupa Muhimbili, ndani ya wiki mbili au tatu. Baadaye kano hujivuta na kugandamana na nyama, na huenda ikabidi kuungwa kwa kano ya kuazima. Asitulizwe na eksirei safi: eksirei huonyesha mfupa, kano huonekana kwa altrasaundi.