Chemchemi Iliyopanda Mita 14

Tuseme wakulima wa Boito wanataka kuteremsha maji ya chemchemi hadi kwenye tangi lililo karibu na kituo cha kununulia majani chai, bila pampu. Mmoja anasimama kwenye chemchemi na simu ya Android, inasoma mita 2,032. Mwenzake yuko kwenye tangi na aifoni, inasoma 2,038. Kwa hesabu hiyo tangi liko juu ya chemchemi, na mradi umekufa kabla ya bomba la kwanza kununuliwa.

Simu zote mbili zinaweza kuwa sahihi. Zimeanza tu kuhesabu kutoka sakafu tofauti.

Setilaiti hazijui bahari iko wapi. Hupima urefu kutoka elipsoidi, yaani umbo laini la hesabu, mfano wa dunia iliyobonyezwa kidogo kwenye ncha. La GPS huitwa WGS84. Usawa wa bahari ni kitu kingine. Hufuata mvutano wa dunia, ambao haulingani kila mahali kwa sababu miamba ya ndani haina uzito sawa. Uso huo, ukiendelezwa kimawazo chini ya nchi kavu, ndio jioidi. Kusini mwa India umezama takriban mita 100 chini ya elipsoidi. Kenya nako uko chini, ingawa si kwa kiasi hicho: ufukweni Mombasa, kipimo cha elipsoidi husoma zaidi ya mita 20 chini ya sufuri hata kama miguu yako ni mikavu.

Kwa Boito tuchukulie jioidi iko mita 14 chini ya elipsoidi, yaani N = -14. Kanuni ni fupi:

```
H = h - N
```

h ni urefu wa elipsoidi, H wa usawa wa bahari. Hapa ndipo wengi huteleza: kutoa hasi ni kujumlisha. Chemchemi ni 2,032 + 14, yaani 2,046. Iko mita 8 juu ya tangi, ambalo 2,038 yake tayari ni ya usawa wa bahari. Anayekosea alama hupata 2,018, na kosa lake linakuwa mita 28.

Programu za Android kwa desturi hupewa urefu wa elipsoidi kupitia `getAltitude()`; aifoni hutoa wa usawa wa bahari kupitia `altitude`. Programu nyingine husahihisha zenyewe, kwa hiyo jina la simu halitoshi. Ziweke simu mbili pamoja mahali peupe, nje ya kivuli cha miti, usome mara nyingi. Makosa ya kawaida hupanda na kushuka. Tofauti ya jioidi hubaki palepale.

Njia rahisi zaidi ni kubeba simu moja kote kuwili. Katika kilomita chache N haibadiliki kiasi cha kusumbua, hivyo hujifuta yenyewe. Lakini simu hukosea mita kadhaa kwa urefu, na mita 8 ni chache. Kabla ya kuchimba mtaro, mwiteni mpima ardhi aje na mashine yake ya kupimia usawa.