Hesabu ya Bei Mbili: Jinsi ya Kuitambua Iliyofanywa Vizuri

Mama mmoja kanunua kilo 3 za unga na kilo 2 za maharage, akalipa sh. 10,800. Jirani yake, duka lile lile na kwa bei zile zile, kachukua kilo 2 za unga na kilo 5 za maharage, akalipa sh. 18,200. Kilo ya unga ni shilingi ngapi, na ya maharage je? Jibu sahihi mtu anaweza kulipata hata kwa kubahatisha, kwa hiyo anayesahihisha asikimbilie mstari wa mwisho.

Aanze na wa kwanza. Aliyeiva huandika kwamba u ni bei ya kilo moja ya unga kwa shilingi, na m ni bei ya kilo moja ya maharage. Anayejifunza huandika "u = unga", akaendelea mbele. Lakini unga si namba. Akiisoma 3u kama "kilo tatu za unga", basi upande mmoja wa mlinganyo wake una kilo na upande wa pili una shilingi, na akipata 1,600 mwishoni hajui kama ni bei ya kilo moja au ya mzigo wote. Mimi hapa huwa mkali kuliko penginepo.

Herufi zikishatajwa, milinganyo inajiandika yenyewe:

```
3u + 2m = 10800
2u + 5m = 18200
```

Njia ya darasani ni kuiondoa herufi moja. Zidisha mlinganyo wa kwanza kwa 2 na wa pili kwa 3, ili u ziwe 6 kote kuwili, kisha toa:

```
6u + 15m = 54600
6u +  4m = 21600
     11m = 33000
```

Basi m ni 3,000. Irudishe katika mlinganyo wa kwanza: 3u + 6000 = 10800, u ni 1,600.

Kosa linaloharibu hesabu hii mara nyingi ni kuzidisha upande wa kushoto na kuusahau wa kulia. Halijifichi. Aliyelifanya atabaki na 11m = 7400, yaani maharage ya sh. 672 na senti zisizokwisha. Hakuna muuza duka anayepanga bei ya namna hiyo, na mwenye jicho angesimama hapo hapo badala ya kukadiria kuwa 673 na kusonga mbele.

Njia hiyo ni salama, ila mimi navutiwa zaidi na anayetazama kwanza kilichobadilika kati ya manunuzi mawili. Jirani kachukua unga pungufu kwa kilo 1 na maharage zaidi kwa kilo 3, akalipa zaidi sh. 7,400. Kwa hiyo 3m − u = 7400, au u = 3m − 7400. Weka hiyo mahali pa u katika mlinganyo wa kwanza: 9m − 22200 + 2m = 10800, na 11m = 33000 inarudi. Namba ni ndogo, na kila hatua unaweza kuieleza kwa maneno ya dukani.

Ile 11 imerudi kwa sababu. Ni 3 × 5 ukitoa 2 × 2. Ungeamua kuiondoa m badala ya u ungefika 11u = 17600, 11 ile ile. Msahihishaji anaweza kuikokotoa kichwani kabla hajasoma kazi.

Kuhakiki nako kuna uhakiki wa kweli na wa kujiridhisha tu. Kwa kuwa u ilipatikana kutoka mlinganyo wa kwanza, kuzirudisha bei humo hakuthibitishi m hata kidogo; hata m mbovu ingepita. Jaribio ni mlinganyo wa pili: 3,200 na 15,000 ni 18,200.

Fumbo nalo lina ubora wake. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Tanzania mwaka 2019, mteja aliyekuja mikono mitupu hununua mfuko. Bei yake ikiingia kwenye jumla bila kutajwa, yasiyojulikana yamekuwa matatu na milinganyo miwili haitoshi. Baya zaidi ni fumbo ambalo jirani kanunua kilo 6 na kilo 4 kwa sh. 21,600. Hayo ni manunuzi ya kwanza mara mbili, ile namba ya 11 inakuwa sifuri, na ukitoa unabaki na 0 = 0. Unga wa 1,600 na maharage ya 3,000 yanakubali. Unga wa 2,000 na maharage ya 2,400 yanakubali pia. Na kama jirani huyo angelipa sh. 21,000, hakuna bei yoyote ingekubali. Hapo hesabu haina kosa: mwenye duka kampunguzia sh. 600 kwa kuchukua mzigo mkubwa, na mtunga fumbo hakusema.