Alama mbili za swali la (c) hazikustahili

Karatasi ya pili ya mtihani wa mwigo wa Kidato cha Nne mmeisoma, na mwongozo wake wa kusahihisha mmeuona. Maswali ya msamiati yalisahihishwa vizuri, na ufupisho pia hauna neno. Tatizo ni ufahamu, swali la (c), ambapo watahini walikubaliana kumtuza alama zote mbili mtahiniwa aliyenakili kifungu neno kwa neno, kwa sababu eti "hoja zipo". Hoja hazikuwepo zote.

Swali lilitaka sababu mbili za samaki kupungua. Sehemu ya kifungu inayohusika inasema: "Wavuvi walipoona samaki wanapungua, waliilaumu mvua. Hata hivyo, baada ya mikoko kukatwa kwa ajili ya kuni, vifaranga wa samaki walikosa mahali pa kujificha, wakaliwa na samaki wakubwa. Hali hii ilizidi kuwa mbaya pale vijana walipoanza kutumia nyavu zenye matundu madogo."

Mtahiniwa alichukua sentensi mbili za mwisho nzimanzima, kuanzia "Hata hivyo". Hata hivyo nini? Kiunganishi hicho kinapinga dai la mvua, na dai lenyewe limeachwa kwenye kifungu. Kisha yakaja maneno "hali hii". Msomee jibu hilo mtu ambaye hajakiona kifungu, naye atakuuliza papo hapo: hali ipi? Jibu la ufahamu linapaswa kujitegemea. Lisiposimama bila kifungu, basi aliyeliandika alipata mahali lilipo jibu, wala hakulijibu swali.

Kosa kubwa zaidi limo katika hoja ya pili. Kifungu hakisemi popote jinsi nyavu hizo zilivyopunguza samaki. Kinataja matundu madogo, kisha kinamwachia msomaji amalizie: matundu madogo hunasa hata samaki wachanga, na samaki akivuliwa kabla ya kuzaa, hakuna wa kushika nafasi yake. Hapo ndipo mtungaji wa swali alipoficha alama ya pili. Aliyenakili hakufika hapo, lakini akatuzwa sawa na aliyefika.

Tazama mwenziwe aliyeandika hivi: "Mikoko ilipokatwa, samaki wachanga walikosa maficho wakaliwa kabla ya kukua. Pia, vijana walivua kwa nyavu zinazonasa hata samaki ambao hawajazaa." Sentensi mbili fupi, kila moja ina sababu na matokeo yake. Hakulibadilisha neno mikoko, na alifanya vyema. Yuko aliyeandika "miti" akidhani kutumia maneno yake ni kubadilisha kila neno. Akapoteza maana, kwa kuwa si kila mti huhifadhi samaki. Majina, istilahi na tarakimu hubaki zilivyo. Kinachobadilika ni muundo wa sentensi, ili ulifuate swali badala ya kukifuata kifungu.

Nimelisema hili miaka mingi na sitachoka: mazoea haya tuliyalea wenyewe. KCPE, tangu 1985 hadi ya mwisho mwaka 2023, ilimpima mtoto ufahamu kwa kuchagua A, B, C au D. Akaingia sekondari hajawahi kutungia swali la ufahamu la mtihani wa taifa jibu lake mwenyewe. Huko akakuta anakatwa alama kwa makosa ya sarufi na tahajia, na sentensi ya kifungu haina makosa. Kwa nini asijifiche humo? Mwongozo unaomtuza mnakili unamwadhibu mara mbili yule aliyejaribu: alifanya kazi zaidi, na huenda akapoteza nusu alama kwa kosa la upatanisho.

Walimu wa zamani hawakuwa na huruma ya namna hii, na wanafunzi wao walifaidika. Walimtaka mwanafunzi alisome swali, apate sehemu ya jibu, akifunike kifungu kwa kiganja, aseme jibu kwa sauti ya chini, ndipo aandike. Kiganja hakikuondolewa mpaka nukta iwekwe. Kisha akifunue kifungu ahakikishe kwamba hakupotosha. Sioni mbinu ya leo inayoishinda hiyo.

Kuna maswali yanayotaka kunakili: yale yanayosema "nukuu" au "dondoa". Hapo maneno ya kifungu yaandikwe yalivyo, ndani ya alama za mtajo. Swali la (c) lilisema "eleza".

Wenzangu ambao bado mna karatasi hizo mkononi, zirudieni kabla hamjawarudishia wanafunzi. Aliyenakili asipate alama ya hoja ya nyavu, na mwandikieni pembeni sababu yake.