Siku ya Watamu: Kuipima Ratiba ya Brosha

Ukitaka kujua kama kampuni ya utalii inaifahamu pwani ya Malindi na Kilifi, ziache picha za brosha yake na ufungue siku ya Watamu. Hiyo ndiyo siku ngumu kuandika: ndani yake mna bahari, magofu na mikoko, na kila kimoja kina wenyewe na saa yake. Mara nyingi utakuta imeandikwa hivi:

“Baada ya kifungua kinywa murua tutaelekea Watamu kufurahia hifadhi ya bahari kwa boti ya kioo, kisha tutazigundua siri za Gedi, na jioni tutashuhudia machweo Mida. Gharama zote zimezingatiwa.”

Inasomeka vizuri, ila mgeni anayeipitia haraka hashiki kitu. Anza na vitenzi. “Kufurahia”, “kugundua” na “kushuhudia” havisemi mgeni atafanya nini. Je, ataingia Gedi na kutembezwa, au gari litasimama nje apige picha? Mwandishi makini hutumia vitenzi vinavyoweza kudaiwa: kuingia, kupanda, kutembea, kula, kulala. Kama gari linapita tu, huandika “kupita”. Brosha inayosema “kuona” mnara wa Vasco da Gama kule Malindi na “kuingia” Gedi imetofautisha mambo mawili, na mteja hatakuwa na la kulalamikia.

Kisha tazama maji, maana hapo ndipo wengi huanguka. Matumbawe ya Watamu huonekana vizuri zaidi maji yakipwa, ilhali mtumbwi wa Mida unataka maji yaliyojaa, la sivyo mtakwama kwenye matope. Kupwa na kujaa husogea kiasi cha dakika 50 kila siku. Wakati wa bamvua, maji ya pwani yetu hupwa kwenye saa nne au saa tano asubuhi na kujaa alasiri, kwa hiyo boti asubuhi na mtumbwi jioni hukaa sawa. Juma moja baadaye, maji mafu yakifika, mambo hugeuka: kupwa huwa alasiri. Kwa hiyo brosha ya mwaka mzima inayotaja “saa 3:00 asubuhi, boti” kwa kila kundi imeandikwa na mtu asiyetazama jedwali la maji. Na ile inayoahidi mtumbwi wakati wa machweo kila siku inaahidi kitu ambacho bahari itakitoa siku chache tu za mwezi.

La tatu ni mkono unaolipa. “Gharama zote zimezingatiwa” ndiyo sentensi ninayoiamini kidogo kuliko zote, kwa sababu siku hii ina milango mitatu. Hifadhi ya bahari iko chini ya KWS, na ada yake hulipwa kwa mtandao kupitia eCitizen. Gedi, iliyoingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2024, iko chini ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya. Kule Mida, wenyeji wana vikundi vyao vinavyotembeza wageni. Raia, mkaazi na mgeni wa nje hawalipi sawa kwenye hifadhi na makumbusho. Neno “viingilio” peke yake halimwambii msomaji ni mlango upi umelipiwa.

Siku ile ile, ikikazwa, huwa hivi:

SIKU YA 3: WATAMU, GEDI, MIDA
Maji yakipwa: kupanda boti ya kioo na kuogelea kwenye matumbawe, muda wa saa mbili.
Katikati ya siku: chakula cha mchana, kuingia Gedi na mwongozaji.
Maji yakijaa: mtumbwi kwenye mikoko ya Mida. Mpangilio wa asubuhi na jioni hufuata maji. Utaujua siku moja kabla.
Ndani ya bei: gari, boti, barakoa, chakula cha mchana, viingilio vya hifadhi na Gedi.
Nje ya bei: mtumbwi wa Mida, vinywaji, bakshishi.
Kulala: Malindi.

Tazama ahadi ya maji ilivyokaa: haitaji saa, lakini mgeni anajua atajulishwa lini. Hiyo ni bora kuliko saa ya uongo.

Wako wanaopenda kuyakusanya yote ya nje ya bei kwenye ukurasa wa mwisho. Mimi siwaungi mkono. Kibali cha kuingia nchini na bima viende huko, vinahusu safari nzima. Lakini pesa ya mtumbwi iandikwe chini ya siku ya mtumbwi, kwa maandishi ya ukubwa ule ule wa “ndani ya bei”. Ukikuta herufi zimepungua ghafla hapo, mpigie simu mwenye kampuni kabla hujalipa amana, umuulize mlango mmoja mmoja.