Muhtasari wa mistari minne: namna tunavyokoseshana kazi

Kila asubuhi magrupu yetu ya WhatsApp yanajaa ofa za kazi zilizofupishwa: posti, diploma, tarehe ya mwisho, anwani. Mistari minne, na mtu anaendelea na shughuli zake. Ninaelewa kwa nini tunafanya vile. Ofa yenyewe inakuja na PDF ya kurasa saba, mega ni bei, na mtu anayetafuta kazi anasoma ofa kumi kwa siku huku akifundisha masaa fulani kwenye shule ya mtaani. Lakini mingi ya mihtasari hii ni mibaya. Ninasema hivyo kwa sababu ule ninaotaka kukosoa leo, ni mimi niliuandika.

Ilikuwa ofa ya shirika moja, posti ya msimamizi mwanaagronomi katika jimbo la Tanganyika. Nikaituma kwa wenzangu hivi:

«Msimamizi wa miradi ya kilimo, Kalemie. Lisansi ya agronomi, miaka 3 ya uzoefu, Kobo, permi ya moto. Mwisho: tarehe 14, saa 10. Tuma sivi na barua kwa imeli.»

Inaonekana safi, sivyo? Tuisome pamoja na ofa yenyewe mkononi.

Tuanze na diploma. Ofa iliandika «A0 ou Bac+5». Mimi nikaandika «lisansi», juu siye wa programu ya zamani, lisansi ni ile: miaka mitatu ya gradua, kisha miwili ya lisansi, jumla mitano baada ya diploma ya Serikali. Lakini tangu LMD ilipoanza mwaka wa 2021-2022, lisansi ni miaka mitatu tu, na masta ndiyo inafikisha mitano. Kwa hiyo neno moja linabeba diploma mbili. Mdogo wetu wa LMD anasoma «lisansi», anafurahi, anatumia siku mbili kutengeneza dosye, na anakatwa kwenye mchujo wa kwanza. Dawa yake ni ndogo: andika idadi ya miaka kama ofa ilivyoandika.

Kosa la pili liko kwenye sentensi ileile, na njo liliniuma zaidi. Ofa ilikuwa na vikapu viwili. Katika kikapu cha kwanza kuliandikwa «exigé»: diploma, miaka 3 ya kusimamia timu, permi ya moto, Kiswahili. Katika cha pili kuliandikwa «atout»: kujua kutumia KoboCollect kwa kukusanya data. Mimi nikavimwaga vyote kwenye kikapu kimoja. Dada mmoja tuliyesoma naye alikuwa na kila kitu isipokuwa Kobo. Akaniambia baadaye: «Kaka, niliona Kobo nikaacha.» Kumbe kwenye mchujo, watu wa ofisi wanaweka kwanza ndiyo au hapana mbele ya kila kitu cha «exigé». «Atout» inaongeza pointi tu kwa wale waliokwisha kupita. Yeye angepita. Muhtasari wangu ndio ulimkata, wala si shirika.

Sasa kazi yenyewe. Ofa ilikuwa na mistari kumi na moja ya majukumu, mimi nikaweka «kusimamia miradi ya kilimo». Hiyo haisemi kitu. Hata mkurugenzi wa Kinshasa anasimamia miradi. Majukumu mengi yanaweza kufupishwa kwa maswali matatu: nani yuko chini yangu, nitahesabiwa kwa kitu gani, nitalala wapi? Nikirudi kwenye ofa na maswali hayo, ninapata: mafundi sita wa tereni, mashamba-shule 24 ya wakulima wa mihogo na mahindi, pamoja na ripoti kila mwezi, na makao ni Nyunzu. Kalemie ilikuwa juu ya ukurasa kwa sababu ofisi iko kule. Mahali pa kazi paliandikwa ukurasa wa tatu, na pembeni yake: familia haipokelewi. Mama mwenye mtoto mchanga anahitaji mstari huo kabla ya mingine yote.

Halafu saa. Ofa: «14 mars à 10h00, heure de Kalemie.» Mimi: «saa 10». Kwa Kifaransa ni asubuhi, kwa Kiswahili saa kumi ni alasiri. Mwenzetu mmoja alisoma kwa Kiswahili, kama kila mtu aliyelelewa huku. Akatuma saa nane na dakika ishirini mchana, akiwa na hakika kwamba ametangulia. Jibu lilikuwa fupi: dosye imechelewa. Tangu siku ile ninaandika «10h00 (saa nne asubuhi)», zote mbili. Na ofa ikisema saa za Kinshasa, kumbuka huku mashariki tunatangulia kwa saa moja: 16h00 ya kule ni 17h00 ya kwetu. Asiyeandika ni saa za wapi anakuachia kamari.

Mwisho, namna ya kutuma. «Sivi na barua kwa imeli» iliacha nusu ya masharti. Ofa ilitaka faili moja tu ya PDF, isiyozidi mega 3, yenye barua, sivi, kopi ya diploma, kopi ya kadi ya ONEM na majina ya watu watatu wa kuulizwa. Pia kichwa cha imeli kibebe namba ya ofa, na iliandikwa wazi kwamba imeli isiyo na namba haifunguliwi. Zaidi ya hapo, kadi ya ONEM haipatikani kwa dakika kumi. Ndiyo maana hatua za kutuma zipangwe kuanzia ile inayochukua muda mrefu. Ile ya kubonyeza itakuja mwisho.

Basi ningeuandika hivi:

Tazama kwanza: makao Nyunzu, bila familia. Lazima: A0 au Bac+5 (LMD: masta) ya agronomi, miaka 3 ya kusimamia timu, permi ya moto, Kiswahili. Kobo ni nyongeza tu.

Kazi: kusimamia mafundi 6, kufungua na kufuata mashamba-shule 24 (mihogo, mahindi), ripoti kila mwezi.

Mwisho: 14 Machi, 10h00 (saa nne asubuhi), saa za Kalemie.

Kutuma: 1. kadi ya ONEM, kama huna, 2. kuomba ruhusa kwa watu watatu wa kuulizwa, 3. kuunganisha yote kwenye PDF moja, mega 3 kikomo, 4. imeli yenye namba ya ofa kwenye kichwa.

Ofa kamili: linki, masharti ukurasa wa 3 na wa 5.

Ni mirefu kuliko mistari yangu minne, lakini inasomwa chini ya dakika moja. Kazi yake ni kukusaidia kuamua kama utafungua PDF ama utaiacha. Ukishaamua kutuma, fungua na usome zote saba. Muhtasari wowote, hata huu, umeandikwa na mtu aliyechagua kitu cha kuacha.

Yule dada alinisamehe. Sasa kila nikituma ofa kwenye grupu, ananiuliza: «Hiyo ni exigé ao ni atout?» Na mimi ninarudi kuangalia.