Saa 12 Jioni Si 12:00

Wahariri wa magazeti ya mtandaoni wakianza kutumia foleni ya kuchapisha kiotomatiki, kazi ya kwanza huwa ni kuwaandikia waandishi wa kujitegemea barua pepe yenye kanuni mpya. Nyingi ya barua hizo hueleza urefu wa makala na ukubwa wa picha, kisha husahau mambo mawili yanayovuruga foleni kuliko yote: ni nani anayeiingiza rasimu kwenye foleni, na saa inaandikwaje.

Tuchukue mfano wa mwandishi aliyeko Idete, katika bonde la Kilombero. Vijiji vya huko vimekuwa uwanja wa utafiti wa mbu na malaria kwa miaka mingi, kupitia taasisi ya afya ya Ifakara ambayo mizizi yake ni maabara iliyoanzishwa na Waswisi miaka ya 1950. Matokeo ya utafiti kama huo yakitoka katika jarida la Nature, waandishi huyapata mapema kwa sharti la kutoyatangaza kabla ya saa iliyopangwa, ambayo kwa kawaida ni 16:00 ya London. Mwezi Julai London iko saa mbili nyuma ya Tanzania, kwa hiyo zuio linaisha saa 12 jioni. Mwezi Januari tofauti huwa saa tatu, nalo huisha saa 1 jioni. Tanzania haibadilishi saa zake, London hubadilisha.

Siku moja ya Julai, mwandishi wetu anaandika juu ya rasimu: “Itoke leo saa 12.” Kwa Mswahili yeyote sentensi hiyo, ikisomwa mchana, haina utata. Mhariri mwenye haraka anaigeuza kuwa 12:00, na foleni inatii: habari inatoka saa 6 mchana, saa sita kamili kabla ya zuio kuisha.

Kuna sura mbaya zaidi ya kosa hilohilo. Kama mhariri anaijaza 12:00 wakati tayari ni saa 8 mchana, WordPress haisubiri chochote. Saa iliyokwisha kupita haina foleni, hivyo makala huchapishwa papo hapo. Dalili iko kwenye kitufe: saa ikiwa mbele yetu kinasomeka Schedule, ikiwa imepita kinasomeka Publish. Mhariri aliyezoea kubonyeza bila kusoma ndiye anayenaswa.

Ndiyo maana kanuni ya saa katika barua pepe inapaswa kuandikwa kwa mfano, wala si kwa maelezo matupu: “Usiandike saa 12 jioni peke yake. Andika 18:00 EAT, pamoja na tarehe. Kama kuna zuio, andika pia saa ya zuio kama ilivyotumwa: 16:00 London.” Hapo mhariri ana namba mbili za kulinganisha, na kosa katika moja linaonekana kwa kuitazama nyingine.

Upande wa mhariri nao una wajibu wake. WordPress mpya huja ikiwa imewekwa UTC+0. Asipochagua Dar es Salaam kwenye mipangilio, ile 18:00 sahihi ya mwandishi itatoka saa 3 usiku.

Kuhusu nani anaingiza rasimu, jibu linategemea hadhi ya mwandishi ndani ya mfumo. Mwenye hadhi ya Contributor huandika na kubonyeza Submit for Review, lakini hawezi kuchapisha wala kupakia picha. Rasimu yake hukaa Pending. Barua pepe iseme wazi kwamba Pending si foleni. Foleni inaanza mhariri anapoweka saa na kubonyeza Schedule, na picha zitumwe kwake kando. Mwandishi asiyeambiwa hivi hudhani kazi yake imeshapangwa.

Hata saa ikiwa sahihi, foleni huamshwa na wasomaji: mtu anapofungua ukurasa ndipo mfumo unapoangalia kama kuna makala iliyofikia wakati. Kwenye gazeti lenye wasomaji wachache, makala ya saa 12 jioni inaweza kuchelewa, na kwenye orodha ikaonekana Missed schedule. Fundi huzima mwamsho huo ndani ya wp-config.php:

```
define( 'DISABLE_WP_CRON', true );
```

Kisha huipa seva yenyewe kazi ya kuamsha foleni kila dakika tano:

```
*/5 * * * * cd /var/www/gazeti && wp cron event run --due-now
```

Mstari wa kwanza ukiwekwa bila wa pili, hakuna makala itakayotoka kwa wakati wake. Mhariri asiitume barua pepe ya kanuni kabla hajaijaribu foleni kwa makala moja ya majaribio na kuiona imetoka kwa saa aliyoiandika.