Rangi ya Onyo na Kimo cha Mto

Mswahili akaaye Ujerumani naye hajaimudu lugha ya wenyeji, aghalabu huisoma programu ya WarnWetter, itolewayo na idara ya hali ya hewa ya nchi hiyo, kwa kutazama rangi zake: manjano ni hadhari ya kawaida, ya chungwa ni hali iliyochacha, nyekundu ni `Unwetterwarnung`, yaani dhoruba yenye madhara, na zambarau, iliyo daraja la 4 na la mwisho, ni dhoruba ya kupindukia. Mpango huo ni mzuri. Lakini rangi hizo ni hukumu juu ya kitokacho mawinguni, wala hazisemi maji yatakwenda wapi yakisha kuanguka.

Mvua ya ghafla hupimwa kwa lita ziangukazo juu ya meta mraba moja kwa muda wa saa moja: zikitarajiwa kuzidi 15, rangi ni ya chungwa, zikizidi 25, nyekundu, zikipita 40, zambarau. Ama lita 40 ni kina cha milimita 40, maji yasiyofika hata kwenye kifundo cha mguu mahali palipo tambarare. Bondeni hesabu ni nyingine kabisa. Mto Ahr hukusanya maji ya eneo la yapata kilomita za mraba 900, na milimita 100 zikiienea ardhi yote hiyo ni meta za ujazo milioni 90, ambazo, ardhi ikiwa imekwisha kushiba mvua za kabla yake, nyingi hushuka kwa njia moja iliyo nyembamba.

Ndivyo ilivyokuwa Julai 2021. Onyo la zambarau la mvua ya mfululizo lilikwisha kutolewa kabla ya usiku wa tarehe 14, na juu ya hayo watu zaidi ya 130 walikufa katika bonde hilo. Mjini Sinzig, karibu na mlango wa mto, maji yalifika usiku wa manane, saa kadhaa baada ya kuvikumba vijiji vya juu, na wakazi 12 wa nyumba ya watu wenye ulemavu wakafa maji.

Kwa hiyo mkazi wa bondeni asiandikishe katika programu mji wake peke yake, bali na miji iliyo juu yake mtoni. Na chini ya rangi atafute neno `Hochwasser`, mafuriko, kisha, alionapo, asishuke chumba cha chini ya ardhi kuokoa vyombo. Onyo la mafuriko yenyewe hutolewa na idara za majimbo, nalo husomwa katika programu ya NINA. Tangu Februari 2023 upo pia ujumbe uitwao `Cell Broadcast`, ulizao kwa kishindo kila simu inayoweza kuupokea karibu na mnara husika, pasipo mwenyewe kuandikisha mahali popote.